Mshale wa mizani: kisa cha mama mwenye duka, binti anayesomea uhasibu na upungufu wa 90

Kisa hiki nimeruhusiwa kukitumia kufundishia, na nimekaa na daftari zao zote kabla ya kukiandika. Majina, mahali na aina kamili ya duka nimeviondoa. Kila kiasi cha fedha kimegawanywa kwa namba moja ile ile, hivyo tarakimu zinazofuata si za sarafu yoyote, ila uwiano wake ni halisi. Mtajwa mkuu nitamwita Mama, na binti yake nitamwita Binti. Kijana anayesaidia dukani nitamwita Msaidizi.

Hali ya duka kabla ya daftari

Mama ana duka la bidhaa za nyumbani: sabuni, betri, balbu, madaftari, misumari, kamba na vitu vingine vingi vidogo. Amelisimamia kwa miaka mingi bila kitabu cha hesabu, isipokuwa daftari la madeni ya wateja. Bei hupanga kwa kanuni moja tu: kitu akikinunua kwa 100, anakiuza kwa 125. Anasema anaongeza robo.

Miezi ya karibuni alikuwa na fumbo. Rafu zilikuwa zimejaa kuliko zamani na wateja hawakupungua, lakini kila siku ya kumlipa muuzaji wa jumla ilipofika fedha hazikutosha. Deni la muuzaji huyo, ambalo zamani lilikuwa likiisha ndani ya wiki, lilianza kubebwa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine.

Maelezo yake yalikuwa mafupi: anaibiwa. Mara moja pakiti za sabuni zilipungua, akamsema Msaidizi mbele ya wateja. Binti alipokuja likizo akiwa mwaka wa pili wa uhasibu, Mama alikuwa ameshaamua kumwachisha kijana kazi mwisho wa mwezi.

Binti aliomba wiki nne kabla ya uamuzi huo. Hakudai kwamba kijana hana hatia, maana hakulijua hilo. Alichosema ni kwamba mama yake hajui ni kiasi gani kimepotea, na mtu asiyejua kiasi hawezi kujua kama mwizi mmoja anatosha kukieleza.

Somo la kwanza halikufaulu

Binti alianza pale alipoanzishiwa yeye darasani, yaani debiti na krediti. Alichora herufi ya T katikati ya karatasi, akaeleza upande wa kushoto na wa kulia. Mama alisikiliza jioni mbili. Jioni ya tatu akasema, "Mwanangu, hizi pande mbili nimezielewa. Sijaona zinaniambia nini kuhusu duka langu."

Hapo Binti akabadilisha njia, na naona huu ndio uamuzi uliookoa kazi yote. Aliiweka leja kando, akachukua swali ambalo Mama mwenyewe alikuwa nalo: bidhaa zilizotoka dukani zimeleta fedha zinazostahili kuletwa? Kulijibu kunahitaji vitu vinne tu. Mali iliyokuwepo mwanzoni, manunuzi ya kipindi, mali iliyobaki mwishoni, na mauzo.

Usiku mmoja baada ya kufunga wakahesabu kila kitu dukani, watatu kwa pamoja. Msaidizi aliita idadi, Mama akathibitisha, Binti akaandika. Kisha Binti akazidisha idadi kwa bei zilizobandikwa kwenye rafu, akapata 775.

Mama akatazama namba ile, akauliza bei aliyotumia. Alipoambiwa, akasema, "Hiyo ni bei ya mteja. Mimi sijaipata bado."

Alikuwa sahihi, na mwanafunzi ndiye aliyekosea. Mali iliyo rafuni huhesabiwa kwa gharama ya kuinunua, kwa sababu faida haijapatikana mpaka kitu kiuzwe. Ukiihesabu kwa bei ya kuuzia, unajipa faida ambayo mteja hajakupa. Walirudia kwa bei za ankara na hesabu ikashuka hadi 620. Tofauti ya 155 ingevuruga kila kilichofuata.

Wiki nne za kwanza

Duka halikuwa na mashine ya risiti, na kuandika kila mauzo ya pakiti moja kungemchosha Mama akaacha siku ya tatu. Binti aliamua kuyapata mauzo kwa kuyarudia kinyume kutoka kwenye fedha. Kila jioni walihesabu droo. Kila fedha iliyotoka iliandikwa mara ile ile: malipo kwa muuzaji wa jumla, pango, mshahara, usafiri, na fedha Mama alizochukua kwa ajili ya nyumbani.

Baada ya wiki nne hesabu ilikuwa hivi. Fedha zilizotoka zilikuwa 955, na droo ilikuwa imepungua kwa 25. Kwa hiyo fedha zilizoingia kutoka kwa wateja zilikuwa 930. Madeni ya wateja kwenye daftari yalikuwa yameongezeka kwa 30. Hayo nayo ni mauzo, ingawa fedha hazijaingia, hivyo mauzo ya kipindi yakawa 960.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa. Ikitokea Mama akachukua fedha bila kuandika, mauzo yataonekana madogo kuliko yalivyo, na upungufu utaonekana mkubwa. Ndiyo maana Binti alilitilia mkazo daftari la fedha zinazotoka kuliko kitu kingine chochote.

Wakahesabu mali tena, safari hii kwa bei ya ankara tangu mwanzo:

```
Mali ya mwanzo                 620
+ Manunuzi                     860
- Mali ya mwisho               640
= Gharama ya bidhaa zilizotoka 840

Mauzo                          960
Faida ghafi                    120
```

Mama alitarajia faida ya 240, robo ya mauzo yake. Hapa Binti alimwonyesha kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakioni mpaka waandike. Ukiongeza 25 juu ya 100, faida yako ni robo ya gharama, lakini mauzo yako sasa ni 125, na 25 ndani ya 125 ni moja ya tano. Kila mauzo ya 100 yalitakiwa kumpa 20, wala si 25. Kwa miaka yote Mama alipokuwa akikadiria kichwani kiasi anachoweza kutumia kutokana na mauzo ya siku, alikadiria kikubwa mno.

Sehemu hiyo ya fumbo haikuwa hasara, ilikuwa matarajio yasiyo sahihi. Lakini hata baada ya kuyasahihisha bado palibaki shimo. Bidhaa zilizomgharimu 840, zikiongezwa robo, zilitakiwa kuuzwa kwa 1,050. Zimeleta 960. Zilizopungua ni 90.

"Sasa unaona," Mama akasema. "Si nilikwambia naibiwa?"

Binti akamjibu kwamba wanachojua ni kiasi tu, na kwamba bado hawajajua njia.

Kuitafuta ile 90

Binti alitaka wiki nne nyingine bila kubadilisha chochote ili apime kila njia vizuri. Mama alikataa. Alisema hawezi kuliona shimo akaendelea kutumbukia kwa ajili ya zoezi. Wakakubaliana kwamba chochote kitakachoonekana wazi kwenye karatasi za wiki zilizopita kitarekebishwa papo hapo, na kisichoonekana kitaanza kuandikwa. Kitaalamu Binti alikuwa na hoja, lakini duka ni la Mama na hasara ni yake. Naona walichokubaliana kilifaa.

*Bei zilizolala.* Walianza na ankara. Binti aliweka bei mpya ya kununulia kando ya bei ya rafuni, bidhaa moja baada ya nyingine. Bidhaa sita, betri zikiwemo, zilikuwa zimepanda kidogo kidogo mara kadhaa, kila mara kiasi kisichoshtua. Mama alikuwa amepanga bei yake siku ya kwanza na wateja wakaizoea, hivyo hakuigusa tena. Bidhaa hizo sita zilimgharimu 160 katika kipindi kile, akaziuza kwa 180. Kwa kanuni yake zilitakiwa kuleta 200. Ile robo ilikuwa imebaki nusu yake na yeye bado akiiita robo. Hapo zilipotea 20.

*Mshale wa mizani.* Sabuni ya unga hununuliwa kwa mifuko ya kilo 25, ikapimwa kwenye vifuko vya nusu kilo. Mfuko mmoja unatakiwa kutoa vifuko 50. Binti aliomba mfuko mpya ufunguliwe na upimwe mbele yao kama kawaida. Vikatoka vifuko 46, na chini ya mfuko ukabaki unga usiotosha kifuko.

Mama akamgeukia Msaidizi. Lakini safari hii mfuko ulikuwa umefunguliwa mezani, macho sita yakiangalia, na hakuna aliyetoka. Vifuko vinne havikuwa vimeibiwa na mtu. Msaidizi ndiye aliyesema kwamba tangu mizani ilipoanguka mshale wake haukai kwenye sifuri, unakaa chini kidogo. Alikuwa akiliona hilo siku nyingi, ila hakuna aliyemuuliza, na baada ya kusemwa mbele za watu hakutaka kuwa mtu wa kwanza kutaja sabuni.

Wakaenda kupima kifuko kwenye mizani ya jirani: gramu 540. Kila mteja alikuwa akiondoka na gramu 40 za bure. Mama anafungua mifuko minane katika wiki nne. Kila mfuko humgharimu 20 na hutakiwa kuuzwa kwa 25, yaani kila kifuko kwa 0.5. Vifuko vinne kwa kila mfuko ni 2, mara nane ni 16.

Ninaikazia sehemu hii kwa sababu hasara ya namna hii haiachi alama yoyote. Hakuna pakiti iliyotoweka, hakuna mteja aliyelalamika, na droo inakubaliana na mauzo ya siku. Inaonekana pale tu mtu anapouliza mfuko mmoja unatakiwa kutoa vifuko vingapi na umetoa vingapi.

*Vilivyokwenda nyumbani.* Hiki ndicho kilichomuuma Mama zaidi. Alipoulizwa anachukua bidhaa za kiasi gani dukani kwa matumizi ya nyumbani na kwa ndugu, alikadiria 10 kwa mwezi. Binti hakubishana naye. Alining'iniza daftari dogo kwa uzi mlangoni, na kila kitu kilichotoka bila kulipiwa kikaandikwa kwa bei ya kununulia: sabuni ya nyumbani, balbu za shangazi, madaftari ya watoto wa ndugu, betri za tochi.

Baada ya wiki nne za pili daftari lilikuwa na 32. Mama alilipitia mstari kwa mstari akitafuta kosa. Hakulipata. Karibu kila mstari ulikuwa kwa mwandiko wake.

Bidhaa za gharama ya 32 zingeuzwa kwa 40. Wakichukulia kwamba wiki nne za kwanza hazikutofautiana sana na hizi, sehemu kubwa kuliko zote ya ile 90 ilipita mikononi mwa mwenye duka mwenyewe.

Ilikokwenda mali

Jumla ya njia hizo tatu ni 76. Zilibaki 14 ambazo hawakuweza kuzieleza.

Binti alimfafanulia mama yake kwamba kitu alichochukua mwenyewe si hasara ya biashara. Ni sehemu ya mtaji wake aliyoitoa, na huandikwa kama matumizi ya mwenye biashara kwa bei ya kununulia. Ikiondolewa kwenye gharama ya mauzo, picha ya wiki nne za kwanza inabadilika. Bidhaa zilizouzwa kweli ziligharimu 808, faida ghafi ikawa 152, na baada ya kutoa gharama za kuendesha duka za 105, faida halisi ikawa 47.

Duka lilikuwa na faida. Ila katika kipindi hicho hicho Mama alichukua fedha 50 na bidhaa za 32, jumla 82. Alitoa 35 zaidi ya alichopata.

Hapo fumbo la rafu zilizojaa likafumbuka. Mali ilikuwa imeongezeka kwa 20 na madeni ya wateja kwa 30, lakini droo ilipungua kwa 25 na deni la muuzaji wa jumla likakua kwa 60. Rafu zilijaa kwa fedha za mtu mwingine. Mama alipoiona hesabu hii alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo nimekuwa nikila duka?" Binti akamjibu, "Ndiyo, Mama. Kidogo kidogo."

Matokeo ya wiki nne za pili

Bei za bidhaa sita zilipandishwa. Mizani ilirekebishwa, na sasa hupimwa kila asubuhi kwa pakiti iliyofungwa kiwandani yenye uzito unaojulikana. Daftari la mlangoni lilibaki.

Hesabu ya pili ilionyesha bidhaa zilizouzwa zilimgharimu 828, baada ya kuondoa zile 32 za nyumbani. Kwa robo yake zilitakiwa kuleta 1,035. Zilileta 1,020. Faida ghafi ikawa 192, karibu 19 katika kila 100 ya mauzo, pale ambapo kipimo ni 20. Baada ya gharama za 105 faida halisi ilikuwa 87. Mama alitoa 82 kama awali, hivyo mtaji ulikua kwa 5. Ni ongezeko dogo, ila mwelekeo umegeuka.

Msaidizi hakuachishwa kazi. Mama alimwomba radhi, tena mbele ya baadhi ya wateja wale wale, na naamini hilo lilikuwa deni lililostahili kulipwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kuanza na kiasi kabla ya mtuhumiwa. Laiti Mama angemfukuza kijana mwezi ule, upungufu ungeendelea karibu ule ule, kisha angemshuku atakayefuata. Kuijua 90 kuliwapa kitu cha kugawanya, na kila njia waliyoipata iliweza kupimwa dhidi yake.

Hata hivyo si haki kusema daftari lilimsafisha Msaidizi. Hesabu ya aina hii haithibitishi kwamba hakuna aliyeiba. Inaweka mpaka tu: wizi, kama upo, hauwezi kuwa zaidi sana ya zile 14 za kipindi cha kwanza au 15 za cha pili. Ndani ya namba hizo hizo kuna makosa ya kuhesabu mali, chenji zilizozidishwa, pakiti zilizopasuka na punguzo ambalo Mama huwapa wateja wanaobembeleza. Kuna pia dhana isiyo na uhakika kamili, kwamba vilivyokwenda nyumbani katika kipindi cha kwanza vililingana na vya pili. Ikiwa wakati ule alichukua bidhaa za 24 badala ya 32, basi kisichoelezeka ni 24, si 14. Binti aliliandika hilo pembeni ya hesabu yake bila kuulizwa, na nampongeza.

Kuna mambo mawili ambayo hayakwenda vizuri. Katika hesabu ya pili ya mali, katoni moja ya balbu iliyoletwa jioni ile ile ilihesabiwa rafuni wakati ankara yake haijaingizwa kwenye manunuzi. Kwa siku nzima duka lilionekana kuwa na faida nzuri isiyokuwepo, mpaka ankara ilipopatikana chini ya droo. Tangu hapo hawapokei mzigo siku ya kuhesabu.

Jambo la pili ni madeni ya wateja. Yote yaliingizwa kama mauzo, jambo ambalo ni sahihi, lakini hakuna aliyepitia majina kuona ni yapi yatalipwa kweli. Baadhi ya wadaiwa hawajalipa chochote kwa zaidi ya miezi sita. Faida ya 47 na ile ya 87 zote zinachukulia kwamba watalipa. Nilipomuuliza Mama, alinionyesha kwa kidole majina matatu ambayo mwenyewe hayategemei tena. Nimemshauri ayaondoe kwenye hesabu ya kipindi kijacho na kuyaandika kama hasara, hata kama ataendelea kuwadai.

Binti amesharudi chuoni. Kuhesabu duka zima kila mwezi kulimshinda Mama, kwa hiyo sasa huhesabu bidhaa 12 zinazotoka haraka kila Jumapili usiku, na duka zima kila baada ya miezi mitatu. Amejipangia kuchukua fedha 40 kwa mwezi na bidhaa zisizozidi 20, na daftari la mlangoni bado linaning'inia. Wiki hii ameanza ukurasa mpya ndani yake wa kuandika kila punguzo analompa mteja, akitaka kuona ni kiasi gani cha zile 15 kimetoka mdomoni mwake mwenyewe.